"Mauzo" kwenye barua ya wakala

Kiwanda cha alizeti mjini Singida kikimteua wakala wa kuuza mafuta, barua haikosi sentensi hii: "Utalipwa kamisheni ya asilimia 5 ya mauzo." Mauzo yapi? Tuseme wakala amesambaza madumu 40 ya lita 20, kila dumu shilingi 90,000. Kwa hesabu yake ameuza 3,600,000, kwa hiyo anadai 180,000. Kumbe madumu 10 duka moja la Kiomboi limeyachukua kwa mali kauli. Mhasibu anahesabu fedha zilizoingia tu, anamwandikia 135,000. Hakuna mwongo hapo. Afadhali barua iseme "fedha zilizopokelewa", na ripoti ya kila wiki itenganishe taslimu na mali kauli, pamoja na jina la mteja na tarehe aliyoahidi kulipa.

Eneo nalo lina mtego wake. Wapo wanaosema "Iramba" wakijumuisha na Nduguti, ingawa Nduguti iko Mkalama, wilaya iliyomegwa kutoka Iramba. Barua itaje kata na minada, la sivyo mawakala wawili watagombea mteja mmoja.

Kusitisha uwakala ndiko kunakoandikwa kwa haraka zaidi: "taarifa ya siku 30", basi. Je, duka la Kiomboi likilipa wakala akishaondoka, ile tofauti ya 45,000 ni ya nani? Mimi ningeandika hivi: "Oda zilizopokelewa kabla ya taarifa kuisha zitalipiwa kamisheni, fedha zikiingia ndani ya siku 60."