Ukomo wa Nguvu: Kwa Nini RTX 4060 Mbili Hazilingani

Mteja anayeingia duka la kompyuta Kariakoo kutafuta mashine ya kuhariri video huwa ameshakariri jina moja. "Ina RTX 4060?" anauliza. "Ndiyo bosi, hii hapa, na ile pale pia," anajibiwa. Ya kwanza ni nene na ina kilo mbili na nusu hivi. Ya pili ni nyembamba kama daftari kubwa. Jina la chipu ya michoro ni lile lile, kumbukumbu yake ni gigabaiti 8 kwa zote mbili, na viini vinavyopiga hesabu ni 3,072 huku na kule. Mteja anachukua nyembamba kwa kuwa ni rahisi kubeba. Wiki moja baadaye anaona video ya harusi inayomaliza kuchakatwa haraka kwenye mpakato mnene wa rafiki yake inajikokota kwenye wake, na anaamini ameuziwa feki.

Hajauziwa feki. Chipu ni ya kweli kabisa. Tofauti imo kwenye herufi tatu ambazo stika haizitaji: TGP.

Kwa tafsiri ya neno kwa neno, herufi hizo zingekuwa "jumla ya nguvu ya michoro". Tafsiri hiyo inapotosha mara mbili. Kwanza, msomaji ataelewa kwamba ni kipimo cha ubora wa picha, wakati kinachopimwa ni umeme: ni wati ngapi chipu ya michoro pamoja na kumbukumbu yake zinaruhusiwa kula. Pili, neno "jumla" linasikika kama kiasi ambacho chipu inacho siku zote, ilhali ni mpaka uliowekwa na mtengenezaji wa mpakato. Chipu yaweza kula chini yake. Juu yake haitakiwi kwenda.

Baadhi ya mafundi husema "mgawo wa umeme". Neno ni zuri kwa sababu linaonyesha kuwa kuna mtu anayegawa, lakini kwa Mtanzania mgawo maana yake ni umeme kukatwa mtaa kwa mtaa, na chipu haikatiwi umeme. Istilahi inayofaa zaidi ipo tayari kwenye lugha ya serikali. Kila mwaka Hazina huipa kila wizara ukomo wa bajeti, kiasi ambacho wizara haiwezi kukivuka hata ikiwa na mahitaji mengi. TGP inafanya kazi hiyo hiyo. Kwa hiyo makala haya yanaiita ukomo wa nguvu ya michoro, au kwa kifupi ukomo wa nguvu. "Nguvu" hapa ichukuliwe kwa maana yake ya kifizikia, yaani kiasi cha nishati kinachotumika kila sekunde, na kipimo chake ni wati.

Namba zenyewe zinaonyesha ukubwa wa jambo. Kwa RTX 4060 ya kompyuta mpakato, iliyoingia sokoni mapema mwaka 2023, Nvidia iliwaachia watengenezaji kuchagua ukomo wowote kati ya wati 35 na wati 115. Kasi ya juu ya chipu nayo ikatajwa kwa masafa, kuanzia megahezi 1,470 hadi megahezi 2,370. Ukizidisha viini 3,072 kwa hesabu mbili kwa kila pigo, kisha kwa kasi ya chini, unapata hesabu trilioni 9 kwa sekunde. Kwa kasi ya juu unapata trilioni 14 na nusu. Hizo zote mbili zinaitwa RTX 4060, bila herufi wala namba ya kuzitenganisha.

Juu ya ukomo huo huongezwa nyongeza ya muda ambayo Nvidia huiita Dynamic Boost. Hapa pia mfano wa bajeti unasaidia, kwani ni kama kuhamisha fedha kutoka fungu moja kwenda jingine. Prosesa kuu inapokuwa haina kazi nyingi, hadi wati 25 za fungu lake huhamishiwa chipu ya michoro. Ndiyo maana Lenovo Legion Pro 5 ya mwaka 2023 hutajwa kuwa na RTX 4060 ya wati 140, yaani 115 na 25. Mwaka huo huo ASUS iliiweka RTX 4060 ndani ya ROG Flow Z13, kishikwambi cha kilo moja na ushei, ikaipa wati 65 pamoja na nyongeza.

Je, mashine ya wati 65 ina chini ya nusu ya uwezo wa ile ya wati 140? Hapana. Umeme unaoliwa na chipu hufuata kasi yake ikizidishwa kwa mraba wa volti. Ili kasi ipande, volti nazo sharti zipande, na kwa hiyo kila hatua ya ziada ya kasi hugharimu wati nyingi kuliko iliyotangulia. Ndiyo maana kutoka wati 35 hadi 115 umeme unaongezeka zaidi ya mara tatu, lakini kasi inaongezeka mara 1.6 tu. Kwenye michezo mingi RTX 4060 haifiki hata hizo wati 140, kwa kuwa hugonga kwanza mpaka wa volti wa chipu yenyewe. Mnunuzi anayelipa zaidi ili atoke wati 115 hadi 140 anapata kidogo sana. Anayetoka wati 45 hadi 90 anapata mengi.

Kwa sababu hiyo hiyo, jina kubwa halimlindi mnunuzi. RTX 4070 ya mpakato ina viini 4,608, lakini kwenye ukomo wake wa chini kasi yake hutajwa kuwa megahezi 1,230. Hesabu ile ile inatoa trilioni 11 na ushei kwa sekunde, pungufu ya RTX 4060 iliyoachiwa ukomo wote.

Zamani stika ilisaidia kidogo. Mwaka 2017 Nvidia ilianzisha jina Max-Q kwa chipu zilizobanwa umeme ili ziingie kwenye mashine nyembamba, na jina hilo liliandikwa nyuma ya jina la chipu. Mwaka 2021, ilipoleta familia ya RTX 30 kwenye kompyuta mpakato, jina hilo likaacha kutumika kutenganisha chipu zilizobanwa na zisizobanwa. Wakaguzi wa kompyuta wakalalamika, na Februari mwaka huo Nvidia ikawataka watengenezaji waandike kasi na ukomo wa nguvu kwenye kurasa za bidhaa zao. Stika ya kwenye mpakato ilibaki na jina tupu.

Sasa, kwa nini mtengenezaji aibane chipu aliyoinunua? Kwa sababu kila wati inayoingia kwenye chipu hutoka ikiwa joto, na joto hilo lazima litolewe nje. Hapa istilahi ya pili inahitaji uangalifu wa irabu moja. Kazi hiyo ni upozaji, kutoka kupoza, yaani kufanya kitu kipoe. Wengi huandika "upoozaji", lakini kupooza ni kupoteza nguvu za viungo, maradhi ya mwili. Mfumo unaotoa joto ni mfumo wa upozaji.

Ukifungua kifuniko cha chini cha mpakato, njia ya joto inaonekana yote. Chipu imekandamizwa na sahani ya shaba, na kati yao pamepakwa grisi ya kupitisha joto. Kutoka kwenye sahani hutoka mabomba bapa ya shaba. Ndani ya kila bomba hewa imenyonywa na kuna maji kidogo. Upande wa chipu maji hugeuka mvuke, mvuke hukimbilia upande wa baridi penye mapezi membamba ya chuma, hapo hupoa na kuwa maji tena, na maji hurudi kwenye chipu kwa kunyonywa na utambi, kama mafuta yanavyopanda kwenye koroboi. Feni hupuliza joto la mapezi nje. Mashine nene ina nafasi ya mabomba mengi, mapezi marefu na feni kubwa. Nyembamba haina, na mara nyingi prosesa kuu na chipu ya michoro hugawana bomba moja, hivyo moja ikichemka inamchomea mwenzake.

Hewa ya chumbani nayo ina sehemu yake. Chipu hizi hujizuia kupita nyuzi 87 hivi za selsiasi, na uwezo wa mapezi kutoa joto hutegemea tofauti kati ya joto la chipu na la hewa. Tuchukue mfumo unaoweza kutoa wati 115 kwenye chumba cha nyuzi 22, ambapo tofauti ni nyuzi 65. Uhamishie Dar es Salaam au Mombasa mchana wa nyuzi 32, na tofauti inabaki 55. Kwa makadirio, mfumo huo sasa unatoa wati 97. Ukomo ulioandikwa haujabadilika, ila chipu haiufikii. Vumbi kwenye mapezi na grisi iliyokauka vinaushusha zaidi.

Basi kuna mipaka miwili tofauti, na inaweza kutambuliwa kwa amri moja. Washa kazi nzito, mchezo au uchakataji wa video, mashine ikiwa kwenye chaja yake halisi, kisha fungua dirisha la amri na uandike:

```
nvidia-smi --query-gpu=power.draw,clocks.gr,temperature.gpu --format=csv -l 5
```

Kila baada ya sekunde 5 utaona wati, kasi na joto. Iache kwa dakika ishirini. Wati zikisimama mahali pamoja karibu na ukomo huku joto likiwa nyuzi 70 na kitu, chipu imebanwa na ukomo wa nguvu, na kusafisha feni hakutaongeza kitu. Wati zikianza juu kisha zikateremka taratibu huku joto limeng'ang'ania kwenye nyuzi 86 au 87, kilichoshindwa ni upozaji. Hapo fundi ana kazi ya kufanya: kupuliza vumbi, kubadilisha grisi, kuinua mpakato kutoka mezani ili feni zivute hewa. Betri nayo isichanganye hesabu. Chaja ikichomolewa, ukomo hushuka sana hata kwenye mashine nzuri.

Anayekwenda kununua leo anaweza kujua ukomo kabla ya kutoa fedha. Amwombe muuzaji awashe mashine iwe kwenye chaja, kisha aandike `nvidia-smi -q -d POWER` na asome mstari wa `Max Power Limit`. Kama duka lina RTX 4060 mbili, asome kwenye zote mbili, kisha ndipo wazungumze bei.