Kifurushi: Istilahi na Matumizi Yake Katika Ofa ya Kazi

Neno ambalo wafanyabiashara wengi hulitamka "pakeji" limeshapata mwenzake wa Kiswahili: kifurushi. Kampuni za simu na za televisheni ndizo zilizolieneza, na leo mtu hununua kifurushi cha wiki bila kufikiria furushi la nguo. Katika ofa ya kazi, kifurushi ni huduma kadhaa zilizofungwa pamoja na kupewa bei moja. Mpaka wake na punguzo ni huu: bei ikishuka huku huduma zikibaki zilezile, hilo ni punguzo. Kifurushi kipya huanza pale kilichomo ndani kinapobadilika.

Kwa nini ofa nyingi huwa na vifurushi vitatu? Mwaka 1992 watafiti Itamar Simonson na Amos Tversky walichapisha jaribio la kamera. Watu walioonyeshwa kamera mbili za Minolta, ya dola 169.99 na ya dola 239.99, waligawanyika nusu kwa nusu. Kundi jingine lilipoongezewa kamera ya dola 469.99, asilimia 57 walichagua ya kati. Tabia hiyo tunaweza kuiita mvuto wa kati: mtu huogopa cha chini kisije kikampungukia, na huogopa cha juu kisije kikamfilisi. Cha kati humpa sababu ya kujieleza nyumbani.

Tuchukue mpiga picha wa Mwanza aliyeulizwa bei ya harusi yenye ibada na tafrija ukumbini. Anayemwandikia ni katibu wa kamati ya harusi, na barua pepe ya mpiga picha huyo itapigwa picha ya skrini na kurushwa kwenye kundi la kamati. Wengi watakaoamua hawajazungumza naye, na wataisoma kwenye simu. Jedwali pana litakatika pembeni. Afadhali aandike hivi:

Kifurushi cha kwanza: Sh 900,000
Wapiga picha: mmoja, ibada na tafrija
Picha zilizohaririwa: 200
Albamu: hakuna
Video: hakuna

Kifurushi cha pili: Sh 1,500,000
Wapiga picha: wawili, maandalizi, ibada na tafrija
Picha zilizohaririwa: 350
Albamu: moja, kurasa 30
Video: hakuna

Kifurushi cha tatu: Sh 2,800,000
Wapiga picha: wawili, maandalizi, ibada na tafrija
Picha zilizohaririwa: 500
Albamu: mbili, kurasa 30 kila moja
Video: filamu ya dakika 20

Mistari ni ileile, kwa mpangilio uleule, na neno "hakuna" limeandikwa waziwazi. Mwanakamati anaweza kushuka na mstari mmoja, tuseme albamu, akalinganisha vyote vitatu bila kuuliza. Kama kifurushi kimoja kingetaja saa za kazi, kingine idadi ya picha na cha tatu ubora wa kamera, asingekuwa na cha kulinganisha isipokuwa bei, na hapo cha bei ya chini hushinda.

Angalia pia kwamba kifurushi cha kwanza kinamaliza kazi: kinafika hadi ukumbini. Kingeishia mlangoni mwa kanisa, kamati ingekiona kuwa chambo tu cha kuwasukuma kwenye cha pili, na shaka hiyo ingegusa ofa nzima.

Chini ya vifurushi hufuata pendekezo na sababu yake, itokanayo na maelezo ya mteja mwenyewe: "Mmesema bibi harusi ataandaliwa Nyegezi na bwana harusi Ilemela kwa wakati mmoja. Mtu mmoja hawezi kuwa kote kuwili, kwa hiyo napendekeza cha pili." Kuandika tu "kinachopendwa zaidi" hakuisaidii kamati kuamua. Kisha barua ifungwe kwa swali moja: "Mmechagua cha ngapi?" pamoja na siku ambayo bei hizi zitakoma.

Majibu yatakuonyesha kasoro ilipo. Wakiuliza "tofauti yake ni nini?", mistari yako hailingani. Wakisema "tupe cha pili kwa bei ya cha kwanza", usikate bei. Toa kitu ndani, kwa mfano albamu, kisha utaje bei mpya. Ukikubali bila kutoa kitu, umeiambia kamati kwamba bei ya awali ilikuwa ya kubahatisha.

Kuna mahali ambapo vifurushi havifai. Zabuni iliyokwisha kuorodhesha kazi inayotakiwa inataka bei ya kazi hiyo, na mteja aliyekwisha kutaja anachotaka hahitaji kurudishwa sokoni. Huyo mpe bei moja. Vitatu mwekee yule ambaye bado hajajua ukubwa wa mahitaji yake, na kabla ya kutuma, visome kwenye simu yako kama mwanakamati asiyekujua.