Kahawa na shinikizo la juu la damu

Kahawa na shinikizo la juu la damu ni mada inayohusu athari za unywaji wa kahawa kwa watu ambao tayari wana ugonjwa huo, unaojulikana zaidi kwa jina la presha. Kikombe cha kahawa hupandisha shinikizo kwa saa chache. Hata hivyo, kwa wanaoinywa kila siku haijaonekana kwamba hulifanya libaki juu zaidi kuliko lilivyokuwa.

Kinacholipandisha ni kafeini. Mwilini kuna kemikali iitwayo adenosini inayolegeza mishipa ya damu. Kafeini huizuia kufanya kazi, hivyo mishipa husinyaa. Mapitio ya tafiti yaliyochapishwa mwaka 2011 yalionyesha kwamba kwa wagonjwa wa presha miligramu 200 hadi 300 za kafeini, yaani vikombe viwili au vitatu, zilipandisha namba ya juu ya kipimo kwa takriban 8 na ya chini kwa takriban 6. Kupanda huko kulionekana ndani ya saa ya kwanza na kudumu hadi saa 3. Mwili wa mnywaji wa kila siku huizoea kafeini kwa kiasi fulani.

Aina ya kahawa nayo ina uzito wake. Wilaya ya Mbozi katika Mkoa wa Songwe hulima arabika, ambayo ina karibu nusu ya kafeini iliyomo katika robusta ya Mkoa wa Kagera. Kwa hiyo vikombe viwili vya ukubwa mmoja si lazima viwe na nguvu moja.

Kosa la kawaida hutokea wakati wa kupima. Tuseme dereva wa lori anayesubiri kuvuka mpaka Tunduma amekunywa kahawa, kisha akaenda kupimwa papo hapo na kukutwa na 148/92. Huenda bila kahawa angekuwa na 140/86. Mhudumu asiyemuuliza anaweza kudhani kwamba dawa zimeshindwa. Ndiyo maana mgonjwa hutakiwa kukaa walau dakika 30 bila kahawa, sigara wala mazoezi, kisha atulie ameketi dakika 5 kabla ya kupimwa.

Anayetaka kujua kahawa inamfanyaje hupima kabla ya kunywa, kisha hupima tena kati ya dakika 30 na 120 baadaye. Namba ikipanda kwa 5 hadi 10, mwili wake unaathirika kwa urahisi na kafeini.

Tahadhari kubwa zaidi ni kwa wenye 160/100 na kuendelea. Utafiti wa Japani uliochapishwa mwaka 2022, uliofuatilia watu zaidi ya 18,000, ulikuta kwamba miongoni mwa wagonjwa hao, waliokunywa vikombe viwili au zaidi kwa siku walikufa kwa maradhi ya moyo na kiharusi karibu mara mbili ya wasiokunywa kahawa. Kikombe kimoja hakikuonyesha tofauti hiyo. Utafiti wa kufuatilia tu, hata hivyo, hauwezi kuthibitisha kwamba kahawa yenyewe ndiyo chanzo.