Kadi ya mwaliko wa arusi: anza na anvelope, karatasi itafuata

Huko Bukavu, familia ikisha kukubaliana tarehe ya arusi, mara nyingi kijana mmoja wa komite anapewa kazi ya mialiko. Anafungua simu, anachagua modeli yenye maua, anaandika majina, anapeleka kwa mchapaji. Kadi mia mbili zinatoka, nzuri kabisa. Kisha mtu anaenda kutafuta anvelope, na hapo ndipo taabu inaanza: ndogo haziingizi kadi, na kubwa zinaiacha icheze ndani kama mbegu ndani ya kibuyu. Arusi imebakiza wiki mbili, na kwa baba mkubwa au mama mkwe hakuna mtu atakayethubutu kupeleka karatasi tupu, bila anvelope iliyoandikwa jina.

Kosa hilo halitoki kwa mchapaji. Linatoka kwenye modeli ya simu. Modeli nyingi za mialiko zimetengenezwa kwa vipimo vya Amerika, inchi 5 kwa 7, yaani karibu sentimetre 12,7 kwa 17,8. Kule Amerika ina anvelope yake. Huku kwetu karatasi na anvelope zinafuata familia nyingine, ile ya A4, ambayo ni sentimetre 21 kwa 29,7. Ukikata A4 katikati unapata A5 (14,8 kwa 21). Ukikata A5 katikati unapata A6 (10,5 kwa 14,8). Kila moja iko na anvelope yake: A6 inaingia C6, ambayo ni 11,4 kwa 16,2, na A5 inaingia C5, ambayo ni 16,2 kwa 22,9. Kuko pia anvelope ndefu ya maofisi, DL, ya 11 kwa 22, inayopokea A4 iliyokunjwa mara tatu.

Sasa weka ile kadi ya 12,7 kwa 17,8 kati ya hizo. C6 ni ndogo kwake. C5 inaacha nafasi ya zaidi ya sentimetre tatu upande mmoja na tano upande mwingine. Ndiyo maana wazoefu wanaenda kwanza dukani kuuliza ni anvelope gani ziko kwa wingi, rangi gani, zote kutoka boksi moja, na wanazinunua mbele ya kuchapa chochote. Wanaongeza kumi au kumi na tano, juu ya majina yatakayoandikwa vibaya.

Tuchukue mfano wa familia inayotaka mialiko 200. Wameona dukani C6 nyeupe za kutosha. Wazo la kwanza ni kadi ya A6 isiyokunjwa: A4 moja inatoa kadi nne, kwa hiyo karatasi 50 zinatosha. Lakini mwaliko wa kwetu una maneno mengi. Juu kuna majina ya familia mbili, chini yake majina ya bwana na bibi arusi, halafu saa ya komini, saa ya kanisa, sale ya karamu, rangi ya kitenge, pengine na namba ya simu ya kutumia mchango. Kuvisongamanisha vyote kwa sentimetre 10,5 kunalazimisha herufi ndogo ambazo wazee hawataziona.

Jibu lao ni A5 iliyokunjwa katikati. Ikikunjwa inakuwa A6, inaingia C6 ileile. A4 moja inatoa kadi mbili, yaani karatasi 100. Ni hesabu ileile ambayo modeli ya Amerika ingewagharimu, maana nayo inatoka mbili tu kwa A4, na mabaki yanatupwa.

Hapo swali la kusimama au kulala linajijibu lenyewe. Kwa nje kadi inasimama: jalada lina majina mawili na tarehe. Ukiifungua, ndani inalala, sentimetre 21 kwa upana, na majina ya familia mbili yanakaa sawa, ya bwana kushoto na ya bibi kulia, bila moja kuwa juu ya nyingine. Kwenye kadi iliyosimama isiyokunjwa, familia moja lazima itangulie, na kuna arusi ambamo neno hilo dogo limeleta kikao kirefu.

Kuna sababu nyingine ya kukunja namna hiyo, na hii haionekani kwa macho. Karatasi ngumu, kama bristoli ya gramu 250, ina nyuzi zinazoelekea upande mmoja. Ukiikunja kufuata nyuzi, mkunjo unakaa laini. Ukizikata nyuzi, rangi inapasuka na mstari mweupe unatokea. Kujua ni rahisi: pinda karatasi polepole kwa mikono, kwanza upande mmoja, kisha mwingine. Upande unaokubali bila ubishi ndio wa nyuzi. Katika A4 nyingi nyuzi zinafuata urefu, na mkunjo wa kadi inayofunguka kama kitabu unazifuata.  Lakini kila pakiti ipimwe. Na kabla ya kukunja, chora mfereji mwembamba kwa rula na kalamu iliyokwisha wino.

Kwa kuchapa, ukurasa ni A4 iliyosimama, kadi moja juu, nyingine chini. Upande wa nje, jalada liwe nusu ya kulia. Mchapaji akigeuza karatasi kwa ukingo mrefu, juu inabaki juu. Kwenye skrini achague `Taille réelle`. Akiacha `Ajuster`, mashini inaweza kupunguza kila kitu kidogo, na mistari ya kukata haitakuwa tena mahali pake. Mashini nyingi za ofisi haziwezi kuchapa mpaka ukingoni kabisa, na kisu kinaweza kuhama milimetre moja au mbili. Kwa hiyo maneno yakae karibu sentimetre moja kutoka ukingo, na ule mstari wa dhahabu unaozunguka kadi ni heri kuuacha. Unapendeza kwenye simu, lakini kisu kikihama kidogo tu, jicho la kila mgeni litaona upande mmoja mnene na mwingine mwembamba.

Mwenye kupenda sana modeli yake ya Amerika hakosi njia. Umbo lake linakaribiana sana na A6: ikipunguzwa mpaka asilimia 83 inaingia karibu kamili. Lakini herufi ya ukubwa wa 10 inakuwa ya 8, basi maneno yaandikwe upya makubwa zaidi. Ikikuzwa kwa asilimia 117, inakaribia A5 na kuingia C5.

Mwisho kabla ya kuchapa zote, kata kadi moja kwenye karatasi ileile ngumu, ikunje, funga riboni kama ipo, itie ndani ya anvelope na mkunjo utangulie. Iingie bila kusukumwa, na mdomo ujifunge bila kuvimba. Riboni yenye fundo peke yake inaweza kuharibu hesabu yote, kwa hiyo wengi wanaibandika bapa, au wanaichapa tu kama picha.