Kadi ya biashara au msimbo wa QR: Nini kiandikwe?

Na Mwandishi Wetu, Musoma

MFANYABIASHARA wa Mara anayetaka kugawa mawasiliano yake kwa msimbo wa QR, ule mraba wa vidoti uliobuniwa Japani mwaka 1994, hana budi kwanza kujua kuwa ipo ya aina mbili.

Aina ya kwanza hubeba jina na namba ndani ya vidoti vyenyewe, na simu ya mteja huvisoma bila intaneti. Ya pili hubeba anwani ya ukurasa wa mtandaoni tu. Maelezo yake hubadilishwa bila kuchapa upya, lakini ada ya ukurasa isipolipwa, kadi zote zilizokwisha kugawiwa huwa karatasi tupu.

Tuchukue mwenye nyumba ya wageni mjini Bunda, jirani na lango la Ndabaka la Hifadhi ya Serengeti. Aina ya kwanza yamtosha: jina, kazi, mji na namba moja ya simu. Namba hiyo ianze na +255 badala ya 0, la sivyo mgeni aliyekwisha kuvuka Sirari kurudi Kenya hatampata. Akiongeza maelezo mengi, vidoti husongamana na kamera hushindwa kuvisoma. Upana wa sentimita mbili, wino mweusi na ukingo mweupe pande zote hufaa. Kabla ya kupeleka kazi kwa mchapaji Musoma, aujaribu kwa simu mbili zilizozimwa data.

Hata hivyo, kadi isitupwe. Mteja wa Butiama mwenye simu ya vitufe hawezi kusoma msimbo. Namba ichapwe kwa tarakimu kubwa upande wa mbele, msimbo ukae nyuma.