Maelezo ya Picha na Neno la Shukrani

Istilahi ambayo vijana wa siku hizi huitamka "kapsheni", kwa maana ya maneno machache yanayowekwa chini ya picha, imezoeleka katika Kiswahili kwa jina la "maelezo ya picha", na wapo waiitao "manukuu". Lakini manukuu, kwa kuwa ni ndugu wa nukuu na nakala, yafaa zaidi kwa maneno yaliyosemwa kisha yakaandikwa, kama yale yapitayo chini ya filamu, ilhali picha ya akraba waliokusanyika siku ya Idi haikutamka neno la kunukuliwa. Maelezo nayo yatokana na kitenzi eleza, yaani kulifanya jambo limwelee mtu, na ndivyo gazeti litendavyo liandikapo kwamba waliosimama kutoka kushoto ni fulani na fulani, na walioketi ni fulani. Gazetini kazi hiyo ni ya wajibu, maana msomaji hawajui watu hao. Bali jamaa wanaotumiana picha yao wenyewe wanajuana kwa sura na kwa sauti, na wanachokitazamia ni kile ambacho katika hafla zetu huitwa neno la shukrani, linalosemwa na mmoja kwa niaba ya wenyeji kabla watu hawajatawanyika.

Tofauti hii si ya jina tu, kwani mwandishi aliyedhani kuwa anaandika maelezo huanza mara moja kuorodhesha. Tuseme ameandika: "Tunamshukuru mjomba, shangazi mkubwa, baba mdogo wa Tanga, dada zetu wawili, na wengineo." Neno hilo la mwisho ndilo liletalo huzuni, maana kila asiyetajwa hujiona ametiwa katika wengineo, na waliotajwa nao hutazama nani ametangulizwa; hata shemeji aliyekesha akichochea kuni chini ya sufuria ya biriani hana mahali pake.

Kiswahili, alhamdulillahi, kimetupa njia ya kumtaja mtu bila ya jina lake, nayo ni kumtaja kwa tendo. Kitenzi kikivaa kiambishi cha nafsi ya pili ya wingi pamoja na kirejeshi, kama katika mliokuja, mliopika, mliotupokea, kila msomaji hujitambua mwenyewe na kuhisi kwamba anasemeshwa. Kwa ajili hiyo nyote ni bora kuliko wote, kwa kuwa wote huwazungumzia watu kana kwamba hawapo. Na ahsanteni, kwa kile kiishio chake cha -ni, hulifanya la wengi neno ambalo kwa asili yake ya Kiarabu huelekezwa kwa mtu mmoja. Vilevile ukoo huwaacha nje wakwe na mashemeji, kwani ni wa nasaba, lakini jamaa huwakumbatia wote.

Basi yule mwandishi wetu na aandike hivi:

"Idi imetukusanya tena ukumbini kwa bibi. Ahsanteni nyote mliosafiri na mliotupokea, mliokesha jikoni, mliowapa watoto sikukuu yao, nanyi ambao safari haikuwezekana lakini salamu zenu zilifika kabla ya sinia. Mwenyezi Mungu awarehemu waliotutangulia, na mwakani atukutanishe."

Hapana jina hata moja humo, isipokuwa bibi, ambaye ni bibi wa wote. Na hata hivyo mgeni, mwenyeji, mpishi, mtoa fedha za watoto na aliyebaki ughaibuni kila mmoja amepata fungu lake, na marehemu hawakusahauliwa. Ukumbi na sinia ndivyo vilivyoyatia maneno hayo joto, kwani sentensi isemayo tu kwamba jamaa zetu ni bora kuliko wote ingeweza kubandikwa chini ya picha ya nyumba yoyote.

Ila tendo lisiwe la mtu mmoja peke yake. Ukiandika "uliyetoa ng'ombe", na kila mtu anajua ni nani, umeshalitaja jina lake kwa kificho, na aliyeleta mchele atauliza kulikoni. Mtoaji huyo ashukuriwe kwa barua au kwa kwenda kwake. Namna ya kupima ni nyepesi: msomee maneno hayo mtu mzima anayezijua pande zote mbili, za kuumeni na za kukeni, umwulize ni nani asiyeonekana ndani yake, kisha umwongezee huyo tendo, si jina.

Majina yana pahala pake, napo ni nyuma ya picha iliyochapishwa, ambako wajukuu wasiotujua watakuja kuyahitaji: hapo ndipo maelezo yanapostahiki kuandikwa, kwa penseli laini isiyopenya karatasi, kutoka kushoto kwenda kulia, safu kwa safu, pamoja na mji, mwaka, na tarehe ya Kiislamu.