Hawala ya biashara iliyopunguzwa benki

Hawala ya biashara ni amri ya maandishi ambayo muuzaji humwandikia mteja wake alipe kiasi fulani siku iliyotajwa. Mteja akitia saini ya kukubali, deni hugeuka hati inayouzika. Muuzaji anayehitaji fedha mapema huiuza benki kabla ya siku hiyo, na benki hukata riba yake palepale. Huko ndiko kupunguza hawala.

Tuseme hawala ni ya shilingi 1,000,000, muda wake miezi 3, nayo inapelekwa benki baada ya mwezi 1. Kwa kiwango cha 12% kwa mwaka, riba ya miezi 2 iliyobaki ni shilingi 20,000, na muuzaji hupokea 980,000. Vitabuni, benki hudebitiwa 980,000, gharama ya punguzo 20,000, na hawala za kupokea hukreditiwa 1,000,000. Riba hukokotolewa juu ya 1,000,000, ilhali kilichopokelewa ni pungufu, hivyo kiwango halisi hupita kidogo 12%.

Wengi hudhani mambo yameishia hapo. Mteja asipolipa, benki humrudia muuzaji na kukata shilingi 1,000,000 kwenye akaunti yake, pamoja na gharama za kuthibitisha kutolipwa. Muuzaji hukrediti benki na kumdebiti mteja jumla hiyo, deni limerudi. Kwa hiyo, hadi siku ya malipo ipite, hawala hiyo hutajwa chini ya mizania kama dhima tarajiwa.